Jibu kwanza, maelezo baadaye: Kuyaandika upya maswali ya wateja katika tovuti ya duka

Mapema mwaka huu nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anauza sare za shule mjini Nakuru. Alikuwa na kero. Mama mmoja alikuwa amesafiri kwa matatu kutoka Narok kuja kubadilisha sweta iliyombana mwanawe, akakataliwa. Sweta hiyo ilikuwa imekwisha kudariziwa nembo ya shule, na duka haliwezi kumuuzia mtu mwingine nguo yenye nembo isiyo ya shule yake. Mama yule alitoa simu yake akasema, “Lakini mmeandika wenyewe kwamba mnabadilisha!”

Nilimwomba mwanafunzi wangu anisomee kilichoandikwa katika ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Swali lilikuwa: “Je, nikikosea saizi mtanibadilishia?” Jawabu lake lilikuwa hili:

“Asante kwa kutuuliza swali hili muhimu. Duka letu limekuwa likiwahudumia wazazi na wanafunzi kwa uadilifu mkubwa, na tunaelewa kwamba watoto hukua haraka. Kutokana na hali hiyo, tumeweka utaratibu unaomfaa kila mteja. Bidhaa zinaweza kubadilishwa zikiwa katika hali nzuri, ndani ya siku saba, isipokuwa sweta zilizodariziwa nembo ya shule.”

Hesabu nami. Kuna maneno 31 kabla ya jibu kuanza. Msomaji anayetumia simu, tena akiwa kwenye foleni au ndani ya matatu, hukutana na shukrani, kisha sifa za duka, kisha kauli kwamba utaratibu “unamfaa kila mteja”. Hapo hujiambia, “Basi, watanibadilishia,” akafunga simu. Neno “isipokuwa”, ambalo ndilo lililomhusu mama wa Narok, limewekwa mkiani.

Nilimshauri aanze kila jawabu kwa jibu lenyewe. Alisita kidogo. “Mwalimu, si nitaonekana mkali? Mtu hata hujamsalimia, ushamwambia la!” Hoja yake ina mashiko, kwa kuwa Mswahili hutanguliza salamu. Hata hivyo, salamu hutolewa mara moja mtu anapoingia nyumbani, haitolewi upya kila anapouliza jambo. Kwa hivyo tuliiweka juu ya ukurasa, sentensi moja tu ya kuwakaribisha wateja, na shukrani zote kumi na mbili zilizokuwa zikirudiwa chini yake tukazifuta.

Kisha tukashika kanuni ya kisarufi ambayo kila mwalimu wa Kiswahili anaijua: kiulizi huamua aina ya jibu. Swali la “je” hudai “ndiyo” au “la”. Swali la “lini” hudai wakati. “Ngapi” hudai idadi, “wapi” hudai mahali, na “vipi” hudai kitendo cha kwanza anachopaswa kufanya mteja. Ukilitazama jawabu na kuona kwamba neno au kirai chake cha kwanza si cha aina inayodaiwa na kiulizi, jua jibu limefichwa mahali fulani chini.

Kwa kanuni hiyo, jawabu la kubadilisha nguo likawa hivi: “Ndiyo, tutakubadilishia nguo ndani ya siku 7 tangu uichukue, mradi haijavaliwa wala kufuliwa. Njoo na risiti au ujumbe wa M-Pesa. Sweta iliyodariziwa nembo haibadilishwi.”

Angalia kwamba “hali nzuri” imeondoka. Maneno hayo kila mtu huyafasiri apendavyo, ilhali “haijavaliwa wala kufuliwa” hayana mjadala. Hata hivyo, bado sikuridhika. Nilimuuliza, “Wengi wanaokuuliza swali hili huwa wamenunua nini?” Akajibu bila kufikiri, “Sweta, Mwalimu. Tena yenye nembo.”

Hapo ndipo penye mtego wa mtindo huu. Ikiwa “ndiyo” ya mwanzo ni uongo kwa sehemu kubwa ya wanaouliza, kuitanguliza kunawapotosha haraka zaidi kuliko yale maelezo marefu. Dawa yake ni kuligawa swali. La kwanza likabaki la nguo zisizo na nembo. La pili likaandikwa: “Je, mnabadilisha sweta iliyodariziwa nembo ya shule?” Na jawabu: “La, ikishadariziwa haibadilishwi. Mwanao aijaribu kwanza dukani, au utume vipimo vya kifua na mkono, kisha tutadarizi ukishathibitisha kwamba inamtosha.” Jibu ni la kukataa, lakini linamwonyesha mzazi njia kabla hajapata hasara.

Mtego wa pili ni neno “inategemea”. Swali la “Sare kamili ni pesa ngapi?” lilikuwa likijibiwa: “Bei inategemea mambo kadhaa.” Ni kweli, lakini “ngapi” imedai idadi na haikupewa. Tukaandika: “Kati ya sh2,800 na sh4,500. Ya darasa la kwanza ndiyo ya chini. Bei hupanda kadiri saizi inavyoongezeka.” Jibu linapobadilika kulingana na hali, taja kima cha chini na cha juu, halafu utaje kinacholibadilisha.

Mtego wa tatu ni wa lugha yetu hasa. Palikuwa na swali: “Je, hamfungui Jumapili?” na jawabu: “Ndiyo.” Katika Kiswahili, “ndiyo” baada ya swali la kukanusha huthibitisha ukanushi huo, yaani: ndiyo, hatufungui. Lakini mteja aliyezoea Kiingereza huelewa kinyume chake, akafunga safari Jumapili na kukuta mlango una kufuli. Kwa hivyo usiandike swali la kukanusha katika ukurasa kama huu. Tukalibadilisha: “Je, mnafungua Jumapili?” Jawabu: “La, hatufungui Jumapili. Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.” Saa tuliziandika kwa maneno, na “asubuhi” na “jioni” zikatajwa, kwa sababu tarakimu 2 pekee ingeweza kumfikirisha mtu kuhusu saa nane mchana.

Zingatia pia kwamba hatukuacha “La” ikae peke yake. Katika tovuti nyingi jawabu hufunguka ukibonyeza swali, na macho ya msomaji yanaweza kuangukia jawabu bila kulirudia swali. Sentensi ya kwanza ibebe kitenzi na jambo linalozungumziwa, ieleweke hata ikisimama pekee.

Tulipomaliza, nilimpa jaribio moja. Ziba kila kitu isipokuwa sentensi ya kwanza ya kila jawabu, umsomee mtu asiyelijua duka lako, kisha umuulize atafanya nini. Alimsomea jirani yake muuza mboga. Majawabu mawili yalianguka. Moja lilikuwa la arbuni: lilianza kwa “Ndiyo, tunapokea arbuni,” na jirani akauliza mara moja, “Sasa nilipe ngapi?” Likarekebishwa: “Ndiyo, lipa nusu ya bei unapoagiza na nusu unapochukua nguo.”

Mama wa Narok alirudi na sweta yake ndogo. Nauli aliyoitumia, kwenda na kurudi, ilikuwa gharama ya neno moja lililokaa mwisho wa aya.