Kikao cha Januari: Kurekebisha Mwendo Kabla Juni Haijafika (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulitazama malengo ambayo mtumishi wa umma huyaweka na msimamizi wake mwezi Julai. Leo tuingie Januari. Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, na fomu ya tathmini ya utendakazi ina sehemu ya katikati inayoitwa mapitio ya nusu mwaka. Hapo ndipo wawili hao huketi wakasema kazi imefika wapi, na hapo ndipo lengo linaweza kubadilishwa kwa maandishi wakati bado kuna miezi sita ya kulifanyia kazi. Walimu wana utaratibu wao unaofuata mihula ya shule, kwa hivyo leo sitawagusa. Nawazungumzia watumishi wa serikali kuu na wa kaunti, na hasa wale walio mbali na ofisi.

Chukua Hewani. Ni kijiji cha Wapokomo katika delta ya Mto Tana, upande wa Garsen, ambako watu hulima mahindi, mpunga na maembe kwenye ardhi ambayo mto huifunika kisha huiachia rutuba. Makao makuu ya kaunti yako Hola, mwendo mrefu kutoka hapo. Tuseme kuna kijana, afisa wa ugani, aliyepangiwa kuwahudumia wakulima wa Hewani na vijiji jirani katika mwaka wa 2023/2024. Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini nimeketi pande zote mbili za meza ya aina hii, nikiwa mpimwa na baadaye nikiwa mpimaji, na nayajua mambo yanayomkuta.

Julai alikubali lengo la kutembelea mashamba 52 kwa mwaka, yaani shamba moja kila wiki. Kufikia mwisho wa Disemba alipaswa awe amefika 26. Amefika 13.

Msimamizi mvivu huiona hiyo 13, akaandika “ajitahidi zaidi”, akatia sahihi na kufunga faili. Maneno hayo mawili hupatikana kwenye fomu nyingi, na hayamsaidii mtu. Hayasemi kilichokosekana wala sababu yake, na Juni ikifika kila mmoja atayasoma anavyotaka.

Msimamizi wa mfano wetu ni mama wa makamo aliyezoea delta. Alimwita kijana siku tano kabla, akamwambia aje na daftari lake la safari. Kikaoni hakuanza na hukumu. Alianza kwa kuuliza.

“Mwanangu, nisomee wiki baada ya wiki. Wiki ambayo hukwenda, niambie kulikuwa na nini.”

“Septemba, Mama, pikipiki ilikuwa gereji wiki nne. Niliandika ombi la vipuri, nakala ninayo hapa. Halafu katikati ya Novemba maji yakaja. Wiki tano sikuweza kupita.”

Mafuriko hayo hayakuhitaji shahidi. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 ziliujaza Mto Tana, watu wakahama makwao na barabara zikakatika. Kwa hivyo wiki nne za pikipiki na wiki tano za maji ni wiki tisa. Lakini pengo ni la ziara 13. Zile nne zilizobaki zilikwenda wapi?

Swali hili la ziara nne ndilo roho ya kikao. Bila kutenganisha, msimamizi mkali humbebesha kijana zote 13, na msimamizi mpole humsamehe zote 13, na wote wawili wamekosea. Kijana alinyamaza kidogo, akasema ukweli: mwezi Agosti alikuwa akifika mashambani saa nne na saa tano, akikuta hakuna mtu. Wakulima wa Hewani huingia shambani alfajiri na jua likianza kuchoma huwa wamekwisha kurudi. Yeye alikuwa ametoka mji mwingine, hakulijua hilo, na aliona aibu kuuliza. Akarudi bila kuandika ziara.

Hilo si kosa la kuadhibiwa. Linarekebishwa kwa kubadilisha saa ya kutoka nyumbani. Lakini lisingejulikana kama kikao kingekuwa cha kutiana sahihi tu. Lingeendelea hadi Juni, na ziara nne zilizopotea zingekuwa kumi au zaidi.

Kisha wakahesabu upya. Ziara tisa zilizopotea kwa maji na pikipiki hazitalipwa, kwa sababu haziko mikononi mwake. Zile nne atazilipa. Nusu ya pili ya mwaka ina wiki 26, kwa hivyo atafanya ziara 26 na kuongeza nne: ziara 30. Ukizijumlisha na 13 za mwanzo unapata 43. Lengo la mwaka likashuka kutoka 52 hadi 43.

Katika mfumo wa tathmini wa utumishi wa umma, aliyevuka lengo huhesabiwa bora kabisa, aliyelifikia kwa asilimia 100 hufanya vizuri sana, asilimia 80 hadi 99 ni vizuri, 60 hadi 79 ni wastani, na 59 kushuka ni duni. Kijana angeendelea na mwendo wake wa Disemba angemaliza mwaka na ziara 26 kati ya 52, nusu kamili, na angeandikwa duni. Sehemu kubwa ya uduni huo ingekuwa ya mto.

Sasa karatasi. Mama yule hakungoja kijana aondoke ndipo aandike. Waliandika pamoja, mezani, kwa Kiswahili, na kila sentensi ilisomwa kwa sauti:

“Ziara zilizofanyika Julai hadi Disemba: 13 kati ya 26. Wiki 4 pikipiki ilikuwa mbovu, ombi la vipuri limeambatishwa. Wiki 5 njia ilifungwa na mafuriko. Ziara 4 zilikosekana kwa sababu afisa alifika wakulima wamekwisha kuondoka. Lengo jipya la mwaka: ziara 43. Afisa atafika shambani kabla ya saa moja asubuhi. Msimamizi atahakikisha pikipiki imefanyiwa matengenezo kabla ya Januari 31. Mto ukifunga njia kwa zaidi ya wiki mbili, tutakutana tena ndani ya siku saba baada ya njia kufunguka.”

Ukiisoma karatasi hiyo utaona hamna sifa wala lawama. Hamna “mzembe”, hamna “mchapakazi”. Kuna idadi, sababu, na nani atafanya nini lini. Kuna pia ahadi ya msimamizi, na hii ndiyo inayosahauliwa mara nyingi kuliko zote. Wasimamizi wengi huandika wajibu wa mfanyakazi na kuacha wajibu wao ubaki maneno ya mdomoni. Hapo pikipiki ikikosa matengenezo, kijana hana pa kushika.

Walitia sahihi na tarehe wote wawili, nakala mbili, kila mmoja akachukua yake. Kijana akaipiga picha kwa simu na kumtumia msimamizi kwa Watsapu palepale. Katika nchi ya mafuriko karatasi hulowa, na picha iliyotumwa hubaki na siku na saa yake.

Machi, mama yule akahamishwa. Jambo hili ni la kawaida kabisa katika utumishi. Aliyekuja mahali pake alikuta fomu ya Julai inayosema 52, na hamjui kijana. Aprili na Mei 2024 mvua za masika zikaujaza mto tena, njia ikafungwa wiki nne. Kijana alitoa nakala yake, akamwonyesha bosi mpya kipengele cha mwisho, nao wakakutana kama ilivyoandikwa. Wiki nne, ziara nne: 43 ikawa 39, karatasi ya pili ikatiwa sahihi.

Juni alikuwa na ziara 37. Kwa lengo la 39 hiyo ni kama asilimia 95, yaani vizuri. Kwa lengo la 52 ingekuwa asilimia 71, wastani. Mto ni uleule na mashamba ni yaleyale, ila kuna karatasi mbili.

Utajuaje kama kikao cha Januari kilifanyika kweli? Mimi huangalia mambo mawili. Kwanza wino: sehemu ya Julai, ya Januari na ya Juni zikiwa zimejazwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, kuna uwezekano mkubwa zilijazwa siku moja, mwishoni mwa Juni, faili zilipoitwa. Pili, malengo: katika wadi iliyofunikwa na maji wiki tano, fomu isiyo na badiliko hata moja nusu mwaka haielezi kilichotokea. Nimewahi kuletewa fomu za namna hiyo nizitie sahihi, na nimewahi kuzirudisha.

Sheria nayo ina neno hapa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumfuta mtu kazi kwa utendakazi duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua, na amsikilize kabla ya kuamua. Mwaka 2013, katika kesi iliyohusu hoteli ya kitalii ya Ol Tukai huko Amboseli, mahakama ya masuala ya ajira ilisema kwamba mwajiri anayedai kazi ilikuwa duni lazima aonyeshe kwamba alikuwa na utaratibu wa kupima kazi nzuri na kazi mbaya. Karatasi ya Januari ni sehemu ya utaratibu huo. Humlinda mfanyakazi aliyezuiwa na mto, na humlinda pia msimamizi aliyemwonya mtu mapema, akampa nafasi, na bado kazi haikufanyika.

Kikao hiki kina mpaka wake pia. Si mahali pa kesi za nidhamu. Mtu aliyeiba mafuta ya pikipiki hashughulikiwi kwenye mapitio ya nusu mwaka. Tena hakifai kugeuzwa kituo cha kupunguza malengo kwa kila anayelia. Zile ziara nne za Agosti zilibaki palepale kwenye hesabu ya kijana, na ilikuwa haki zibaki.

Wiki ijayo tutazungumzia alama za Juni na haki ya kukata rufaa. Kwa sasa, msomaji uliye kazini, kama Januari imepita na sehemu yako ya katikati bado ni tupu, mwombe msimamizi wako kikao wiki hii kwa maandishi, uende na daftari lako la kazi, na usiondoke bila nakala yenye sahihi mbili na tarehe ya siku hiyohiyo.