Barua ya Mwenye Duka: Kuomba Mahali pa Kushushia Mizigo Umoja, Nairobi

Wasomaji wetu wenye jamaa katika mitaa ya Eastlands watalitambua duka hili hata bila kutajiwa jina la mwenyewe. Ni duka la unga, sukari, mafuta na soda katika mtaa wa Umoja, linaloendeshwa na dada mmoja aliyehamia Nairobi kutoka Mombasa baada ya kuolewa. Kwa miaka kadhaa lori la unga lilikuwa likisimama katikati ya njia, kwa kuwa mbele ya duka hujaa magari ya watu. Siku moja maafisa wakalikuta hapo na gurudumu likafungwa pingu. Tangu hapo dereva hakubali tena kuingia ndani ya mtaa. Mzigo huachwa stejini, na mwenye duka hulipa mkokoteni kuufuata. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, marobota ya unga yalimfikia yakiwa yamelowa.

Akaandika barua kuomba msaada, nasi tukabahatika kuisoma. Ilikuwa na kurasa mbili za masikitiko: jinsi biashara ilivyo ngumu, jinsi maafisa walivyomdhalilisha, jinsi majirani wasivyo na utu. Hatukatai kwamba yote hayo ni kweli. Lakini msomaji wa ofisini angemaliza kurasa zote mbili asijue ni mita ngapi zinazoombwa, mahali gani, wala saa ngapi.

Chanzo cha tabu ni cha zamani. Umoja ulijengwa katika miaka ya 1970 uwe mtaa wa nyumba za kuishi. Maduka mengi yalizuka baadaye, vyumba vya mbele vikatobolewa madirisha ya kuuzia, ilhali njia zilibaki zile zile za watu kwenda nyumbani. Kibali cha biashara hakibadilishi jambo hilo. Kinampa mtu ruhusa ya kuuza ndani ya duka lake, lakini hakimpi haki yoyote juu ya barabara iliyo mlangoni. Dada yetu alikuwa amekilipia kwa uaminifu kila mwaka, akidhani kimeshamaliza kila kitu.

Swali la kwanza, basi, ni barabara ni ya nani. Wazee wetu bado husema kanjo, na ni kweli kwamba hadi mwaka 2013 mambo haya yalikuwa ya Halmashauri ya Jiji. Sasa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti pamoja na usafiri na uegeshaji wa magari. Hata hivyo si kila barabara iliyomo Nairobi ni ya kaunti. Outer Ring, inayopita ubavuni mwa Umoja, ilijengwa upya na Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA. Duka likielekea huko, barua iende KURA. Duka la dada yetu liko njia ya ndani, na kwa kawaida njia kama hizo ni za kaunti. Alikwenda kwanza kumuuliza msimamizi wa wadi, akathibitishiwa. Safari hiyo ya asubuhi moja ilimwepusha na barua kuzurura kati ya ofisi mbili.

Kazi ya pili ilikuwa ya daftari. Tulimshauri aandike kwa muda wa juma zima kila gari lililoleta bidhaa: lilifika saa ngapi, likaondoka saa ngapi, na lilishusha nini. Matokeo yalimshangaza mwenyewe. Magari ya mkate na maziwa hufika alfajiri na kuondoka baada ya dakika tano, kwa hiyo hayana shida. Gesi huja kwa pikipiki. Yanayohitaji nafasi ni magari matatu tu kwa juma: Canter ya unga na sukari Jumanne na Ijumaa, na lori la soda Alhamisi. Mzigo mkubwa kabisa ni marobota 80 ya unga. Kila robota lina pakiti 12 za kilo 2, yaani kilo 24, na mahamali wawili huyamaliza kwa dakika 35.

Kumbe hakuhitaji barabara kutwa nzima, na hapo ndipo ombi lake lilipobadilika. Anayeomba nafasi ya siku zote huonekana ataka kujimilikisha njia ya umma. Akiomba saa mbili kwa siku tatu, mwenye kuamua huwa na jambo dogo la kukubali.

Kisha akachukua utepe wa fundi cherehani, kwa kuwa ndio uliokuwapo, akapima. Njia ina upana wa mita 6. Canter huchukua kama mita 2 za upana na mita 6 za urefu, lakini huhitaji mita 8 ili iingie vizuri na mlango wa nyuma ufunguke. Ikisimama ukingoni hubaki takribani mita 4, nafasi ya kutosha gari la zimamoto kupita. Alihakikisha mahali hapo si penye kona, si kivuko cha watoto wa shule, wala si juu ya kifuniko cha mtaro wa majitaka. Kosa moja kati ya hayo latosha kuliangusha ombi siku mkaguzi atakapofika.

Barua mpya ilijaa ukurasa mmoja. Aliiandika kwa Kiswahili, ambacho kwa Ibara ya 7 ya Katiba ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sehemu yake kuu ilikuwa hivi:

*Kwa Afisa Mkuu anayesimamia uchukuzi, Kaunti ya Jiji la Nairobi. KUH: Ombi la eneo la kushushia mizigo, mita 8. Naomba eneo lililoonyeshwa kwenye mchoro litengwe kwa kushushia mizigo siku za Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Saa nyingine liendelee kutumiwa na umma kama ilivyo sasa. Magari matatu hufika kwa juma, na hakuna linalozidi dakika 40. Naomba mkaguzi afike kupatazama mahali hapo, na nijulishwe ada inayotakiwa kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya Kaunti. Nikikataliwa, naomba nipewe sababu kwa maandishi.*

Saa hizo hakuzichagua kwa kubahatisha. Kabla ya saa tatu njia hujaa watoto wa shule na watu wawahio matatu, na Ijumaa ikikaribia saa sita watu huelekea msikitini. Neno la mwisho, la kuomba sababu kwa maandishi, lina mizizi katika Ibara ya 47 ya Katiba, inayohusu haki katika maamuzi ya watendaji wa serikali. Hakuna haja ya kulitia makali, latosha kuwapo.

Aliambatisha nakala ya kibali cha biashara, mchoro wa mkono wenye vipimo, picha mbili, ukurasa wa daftari, na sahihi za majirani. Sahihi ndizo zilizomchosha. Jirani wa mkabala, aegeshaye gari lake papo hapo, alikataa mara mbili. Alikubali alipoonyeshwa kwamba jioni na usiku nafasi ni yake kama zamani. Tena alielezwa, naye mwenye duka akaelewa pia, kwamba eneo likipigwa alama halitakuwa la duka moja. Muuza mbao wa jirani naye ataweza kushushia hapo katika saa hizo. Atakaye nafasi ya peke yake anaomba kitu kingine, chenye ada yake, nasi hatudhani mtaa mwembamba kama ule ungefaa kutengewa hivyo.

Kijana mmoja alimjia akijitolea kupaka mstari wa manjano usiku kwa malipo ya mkononi. Alama ya namna hiyo haina nguvu yoyote kisheria. Lori lingefungwa pingu pale pale juu ya rangi mbichi. Vivyo hivyo mawe na matairi ambayo wenye maduka wengi hupanga barabarani, hayo ni kizuizi, nayo ni kosa. Ada ya kweli huja na ankara ya kaunti yenye nambari na hulipwa kwa njia rasmi za kaunti, haiishii mfukoni mwa mtu.

Alipeleka barua mwenyewe, nakala mbili. Moja ilibaki ofisini, ya pili ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, naye akaihifadhi pamoja na kibali. Nakala ya tatu ilimfikia mwakilishi wa wadi. Wakati tukiandika haya mkaguzi hajafika. Mkokoteni bado waenda stejini kila Jumanne, umefunikwa turubai, na gharama yake huandikwa katika daftari lile lile, chini ya tarehe.