Utetezi wa Mkunga Hufuata Saa

Chukua mfano wa mkunga wa zahanati anayeshtakiwa mbele ya baraza la taaluma yake kwamba mama alivuja damu nyingi baada ya kujifungua kwa sababu ya uzembe wake. Wengi huanza utetezi kwa kueleza miaka yao ya kazi na majonzi waliyonayo. Majonzi hayo ni ya kweli, lakini shtaka linabaki halijajibiwa.

Swali kuu ni hili: mkunga mwenzake aliye makini, katika mazingira yaleyale, angefanya nini? Kwa hiyo maelezo yafuate saa. Saa 8:10 usiku mtoto alizaliwa. Ndani ya dakika moja mama alichomwa oksitosini yuniti 10. Saa 8:25 kondo lilitoka. Saa 8:40 damu ilizidi. Akakanda mji wa mimba, akatundika dripu, akaita gari la wagonjwa. Kila tukio lionyeshe ushahidi wake: faili, daftari la dawa, rekodi ya simu.

Na penye pengo? Tuseme hakuandika shinikizo la damu kwa nusu saa. Akiri, aeleze kuwa alikuwa peke yake zamu. Asithubutu kujaza faili kimyakimya baada ya malalamiko, maana hapo shtaka la uzembe huongezewa la udanganyifu. Maandishi ya kuchelewa yabebe tarehe na saa halisi ya kuandikwa, pamoja na saini.

Ukipokea hati ya mashtaka, omba kwanza nakala ya faili, ndipo uandike.