Mapigo Yasiyogeuka ya Neu!

Desemba 1971, vijana wawili waliowahi kupiga pamoja katika bendi ya Kraftwerk, Klaus Dinger na Michael Rother, waliingia studio mjini Hamburg kwa siku nne tu. Dinger alipiga dramu, Rother gita. Nyimbo zilizokamilika hawakuwa nazo. Aliyekaa nao kwenye mitambo ni fundi Conny Plank, na hatuwezi kuieleza kazi yao bila kumtaja yeye.

Sikiliza wimbo wa kwanza wa santuri waliyoitoa 1972, "Hallogallo". Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Dramu ndogo inalia kwenye mbili na nne, sahani zinagongwa mfululizo kwa nafasi sawa, na dramu ya mguu inajaza mianya iliyobaki. Wapiga dramu wengi wa roki, wakifika mwisho wa ubeti, huporomosha mapigo ya mbwembwe kutangaza kwamba kiitikio kinakuja. Hapa hakuna ubeti wala kiitikio, kwa hiyo hakuna cha kutangaza. Dinger anashikilia mdundo huo kwa takriban dakika kumi. Waandishi wa muziki waliuita motoriki, jina ambalo yeye hakulipenda, kwa kuwa lilimfanya aonekane mashine. Na kweli si mashine: ukitega sikio utasikia mkono wa mtu, ukikaza hapa na kulegea pale.

Kwa kuwa dramu haibadiliki, sikio linahamia kwenye gita. Rother alirekodi gita juu ya gita, akibuni papo hapo, huku mapigo yakimwachia nafasi ya kwenda atakako bila kupotea. Kisha kazi ikawa ya Plank. Kanda nyingine aliigeuza, noti zikasikika kinyumenyume, zikivimba polepole na kukatika ghafla. Wakati wa kuchanganya, sauti moja aliileta mbele, nyingine akaizamisha. Kwa maoni yangu, wimbo huu ulitungwa mara mbili: mara ya kwanza kwa vidole, mara ya pili mezani pa fundi.

Utaratibu huo ulikula muda, na muda wa studio ni pesa. Walipotengeneza santuri ya pili, 1973, pesa ziliisha kabla ya kazi. Wakajaza upande wa pili kwa nyimbo mbili walizokwisha kuzitoa, wakizicheza kwa kasi isiyo yake, nyingine mbio mno, nyingine kwa kujikokota. Wasikilizaji wengi waliona wamepunjwa. Mimi nasikia watu waliothubutu kuigeuza santuri yenyewe kuwa ala.

Mauzo hayakuwa makubwa, lakini wanamuziki walisikia. David Bowie aliwapenda, na 1977, akiandaa santuri ya "Heroes" mjini Berlin, aliwasiliana na Rother kuhusu kushiriki, jambo ambalo halikutimia. Kundi la Ultravox la Uingereza lilimfuata Plank mwenyewe, likarekodi kwake 1978. Stereolab wa London waliuchukua mdundo wenyewe. "Jenny Ondioline", wa mwaka 1993, unaendelea kwa dakika 18, lakini Stereolab waliongeza kitu ambacho "Hallogallo" haikuwa nacho: maneno ya kuimba.