Mishale mitatu ya sanduku kwenye ubao

Gari la mizigo likirudi kinyumenyume hadi mlango wa ghala, makuli huegemeza ubao mnene kutoka ardhini hadi kwenye bodi la gari, kisha kazi inaanza. Tuchukue bodi lililo mita 1 juu ya ardhi na ubao wenye urefu wa mita 2.6. Katikati ya ubao huo pamesimamishwa sanduku la mbao lenye vipuri, kilo 65 kwa jumla. Makuli wameliachia ili wavute pumzi. Sanduku halisogei.

Kwa nini haliserereki? Na likianza kuserereka, litakwenda kwa kasi gani? Na wakitaka kulipandisha, wasukume kwa nguvu kiasi gani? Maswali yote matatu hujibiwa na mchoro mmoja mdogo, ambao wanafunzi wengi wa fizikia huukosea kabla hata hawajashika kikokotoo. Unaitwa mchoro wa kani, na kanuni yake ya kwanza ni kukitenga kitu. Gari, makuli, ubao na ardhi vyote huachwa nje ya karatasi. Linabaki sanduku peke yake, hata kama ni kisanduku kidogo kilichoinama, na mishale ya kani zinazolifikia.

Kila mshale lazima uwe na mwenyewe. Anayechora hana budi kujiuliza: kani hii inatoka kwa nani? Dunia huvuta sanduku bila kuligusa. Vingine vyote, ili viweze kulisukuma au kulivuta, ni lazima viliguse. Kwenye ubao huu sanduku linaguswa na kitu kimoja tu, nacho ni ubao wenyewe. Kwa hiyo kuna wahusika wawili: dunia na ubao.

Mshale wa dunia ndio uzito. Dunia huvuta kila kilo moja kwa nyutoni 9.8, na hapa tutachukua 10 ili hesabu iwe nyepesi, kwa hiyo uzito wa sanduku ni nyutoni 650. Mshale huo huelekea chini wima, kuelekea katikati ya dunia, hata ubao uinuliwe vipi. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea: mchoraji huona ubao umeinama, naye akauinamisha mshale wa uzito pamoja nao. Dunia haijui kama kuna ubao.

Ubao, kwa upande wake, hutoa kani mbili. Ya kwanza hulizuia sanduku lisizame ndani ya mbao, nayo husukuma kutoka kwenye uso wa ubao kwa pembe ya nyuzi 90 kamili. Ubao ukiinama, mshale huu huinama nao. Walimu wengi huuandika kwa herufi R. Ya pili ni msuguano, unaolala sambamba na ubao. Sanduku linataka kushuka, basi msuguano unalishika kuelekea juu ya mteremko. Mishale ni mitatu, na mchoro umekamilika.

Wapo wanaoongeza mshale wa nne, wauite "nguvu ya kushuka". Swali lile lile linawaumbua: nguvu hiyo inatoka kwa nani? Hakuna anayelisukuma sanduku kwenda chini. Kinacholivuta kushuka ni ule ule uzito, ambao tayari umechorwa.

Lakini uzito unaelekea chini wima, nalo sanduku haliwezi kwenda wima kwa sababu ubao umeziba njia. Linaweza tu kwenda sambamba na ubao. Hivyo inafaa kuupima uzito kwa kufuata njia mbili ambazo ubao wenyewe unazionyesha: njia inayofuata mteremko, na njia inayoukandamiza ubao kwa nyuzi 90. Badala ya kuchora mistari ya rejea ikiwa mlalo na wima kama ilivyozoeleka, mchoraji huigeuza ilale pamoja na ubao. Faida yake ni kubwa: R na msuguano vinakuwa vimeshalala juu ya mistari hiyo, na kani inayohitaji kugawanywa inabaki moja tu, uzito.

Sehemu mbili zinazopatikana huitwa vijenzi. Ukubwa wake unatokana na umbo la ubao. Ubao umepanda mita 1 kwa urefu wa mita 2.6, na kwa kanuni ya Pithagora umbali wa mlalo chini yake ni mita 2.4. Mshale wa uzito pamoja na vijenzi vyake hufanya pembetatu yenye umbo lile lile, iliyogeuzwa tu. Kijenzi kinachofuata mteremko ni uzito mara 1 gawanya kwa 2.6, yaani nyutoni 250. Kijenzi kinachoukandamiza ubao ni uzito mara 2.4 gawanya kwa 2.6, yaani nyutoni 600.

Hizo ndizo sini na kosini ambazo vitabu huziandika hivi, θ ikiwa pembe kati ya ubao na ardhi, hapa karibu nyuzi 22.6:

```
mg sin θ = 650 × 1/2.6   = 250 N
mg cos θ = 650 × 2.4/2.6 = 600 N
```

Anayesahau ipi ni sini na ipi ni kosini ana njia ya kujikagua bila kufungua kitabu. Aulaze ubao chini kabisa, katika fikra, pembe iwe sifuri. Kwenye sakafu tambarare hakuna kinacholivuta sanduku upande wowote, kwa hiyo kijenzi cha mteremko lazima kiwe sifuri, na sini ya sifuri ndiyo iliyo sifuri. Ukaguzi wa pili ni wa tarakimu: 250 kwa kipeo cha pili na 600 kwa kipeo cha pili, vikijumlishwa, vinatoa 650 kwa kipeo cha pili. Ingawa 250 na 600 kwa kujumlisha kawaida ni 850, hakuna nyutoni iliyozaliwa njiani, kwa sababu vijenzi vina mielekeo tofauti. Ni uzito mmoja uliosomwa kwa njia mbili. Ndiyo maana vikishachorwa, kwa kawaida kwa mistari ya nukta, mshale wa uzito wenyewe haupaswi kuhesabiwa tena.

Uwiano huu wa urefu wa ubao na kimo chake una historia. Mwaka 1586 mhandisi wa nchi za chini za Ulaya, Simon Stevin, alichapisha kitabu chenye mchoro wa pembetatu iliyovikwa mnyororo wa mipira 14. Upande mmoja wa mteremko ulikuwa na urefu mara mbili ya mwingine, hivyo ulibeba mipira minne na ule mfupi miwili. Stevin alisema kwamba mnyororo hauwezi kujizungusha wenyewe milele. Basi mipira minne kwenye mteremko mrefu lazima ilingane na miwili kwenye mteremko mfupi, na kani ya kushuka hupungua kadiri ubao unavyorefuka kwa kimo kile kile. Alifikia hapo kwa hoja tu.

Sasa turudi kwenye mishale. Sanduku limetulia, maana yake katika kila mwelekeo kani zinafutana. Kwa upande wa kukandamiza, R ni nyutoni 600. Wanafunzi huandika 650 kwa mazoea ya sakafu tambarare, lakini ubao ulioinama haubebi uzito wote kwa mwelekeo huo. Kwa upande wa mteremko, msuguano ni nyutoni 250.

Ukubwa huo wa msuguano unahitaji kuangaliwa vizuri. Mbao mbili kavu huweza kushikana hadi kiasi fulani cha R. Tuseme kwa ubao huu kiasi hicho ni nusu, yaani 0.5, kwa hiyo msuguano unaweza kufika hadi nyutoni 300. Je, ndio msuguano uliopo? Hapana. Ungekuwa 300, ungeizidi 250 na sanduku lingepanda lenyewe bila kusukumwa. Msuguano wa kitu kilichotulia hutoa kile tu kinachodaiwa. Ile 300 ni kikomo chake, na salio la nyutoni 50 ndilo linaloliweka sanduku salama.

Mvua ikinyesha, ubao ukiwa na matope, kikomo kinaweza kushuka hadi 0.35 ya R, yaani nyutoni 210. Hapo 250 inashinda. Sanduku likishaanza kwenda, msuguano hupungua zaidi, tuseme hadi 0.3, yaani nyutoni 180. Zinabaki nyutoni 70 zisizo na mpinzani, zikigawiwa kilo 65. Kasi inaongezeka karibu mita 1.1 kwa sekunde katika kila sekunde. Likitokea juu kabisa ya ubao, sanduku litafika chini baada ya sekunde mbili na kidogo, likienda karibu mita 2.4 kwa sekunde. Kwa kuli aliyesimama nyuma yake, hizo ni kilo 65 zinazokuja kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka sana.

Makuli wakilisukuma sanduku kupanda ubao mkavu, mchoro unabadilika mahali pawili. Unaongezeka mshale wa nne, na safari hii una mwenyewe: mikono yao. Nao msuguano unageuka, kwa sababu daima hupinga mwendo wa nyuso zinazosuguana. Sasa unaelekea chini, upande mmoja na kijenzi cha 250. Kulianzisha sanduku kunahitaji 250 na 300, jumla nyutoni 550. Kuliinua wima bila ubao kungehitaji 650, basi ubao umeokoa nyutoni 100 tu. Likishakwenda, kwa msuguano wa 0.3, zinatosha nyutoni 430. Hii ndiyo sababu ni ghali kusimama katikati ya ubao: kila kusimama kunadai 550 upya.

Mchoro huu una mpaka mmoja ambao mishale peke yake haiuonyeshi. Umelichukulia sanduku kana kwamba kani zote zinapita nukta moja, hivyo unasema kama litaserereka, hausemi kama litapinduka. Kwa hilo inabidi kuchora umbo lenyewe na kushusha mshale wa uzito kutoka katikati yake. Sanduku lenye kitako cha sentimita 40 na kimo cha sentimita 120, mzigo ukiwa umejaa sawasawa, huanza kupinduka mara mteremko unapopanda zaidi ya 40 kwa 120, yaani theluthi moja ya umbali wa mlalo. Ubao wetu umepanda 1 kwa 2.4, ambayo ni zaidi ya theluthi. Mshale wa uzito unapita nje ya kitako, na sanduku linaanguka kuelekea chini ya mteremko ingawa msuguano bado ulikuwa na akiba ya nyutoni 50. Likilazwa kwa upande wake mrefu kabla ya kupandishwa, kitako kinakuwa sentimita 120, kimo 40, na mshale unarudi ndani.