Sauti ya Simu Imehamia Wapi?

Jumapili moja nilikuwa nimesimama uani naongea na dada yangu, simu sikioni, akinieleza majibu yake ya hospitali. Mume wangu akawasha gari alisogeze. Papo hapo sikioni kukawa kimya. "Haloo? Dada, haloo?" Kumbe dada anaendelea kueleza, ila sauti yake inatoka kwenye redio ya gari, vioo vimeshushwa, na jirani yuko getini.

Iliniuma sana, lakini simu haikuwa mbovu. Kama hujaiunganisha na kitu chochote, sauti hutoka kwenye spika ndogo ya juu, ile tunayoweka sikioni. Kikijiunga kifaa cha blututhi chenye kipaza sauti, simu nyingi hukihesabu kuwa ndicho unachotaka kutumia, hata kama maongezi yako katikati. Redio ya gari ikipata umeme huitafuta simu inayoifahamu, na blututhi hufika kama mita 10 penye uwazi. Uani kwetu hapafiki hizo.

Likikukuta, usikimbilie gari. Tazama skrini ya maongezi, ubonyeze kitufe cha spika. Kukiwa na blututhi, kwa kawaida hicho hicho hufungua orodha: simu yenyewe, spika kubwa, na jina la kifaa. Chagua simu, na sauti inarudi sikioni.

Dawa ya kudumu inatokana na jambo ambalo wengi hawalijui: blututhi hupitisha muziki kwa njia moja na maongezi kwa njia nyingine, kwa hiyo unaweza kufunga moja ukaacha nyingine. Kwenye simu za Android, ingia mipangilio ya blututhi, gusa alama iliyo kando ya jina la gari, kisha uzime palipoandikwa "Calls" au "Phone calls". Mimi nilifanya hivyo. Muziki bado unapiga garini, maongezi yanabaki kwangu. iPhone ina mpangilio wa namna nyingine: Settings, Accessibility, Touch, halafu Call Audio Routing. Hapo kuna Automatic, Bluetooth Headset na Speaker. Kama iPhone yako hufungulia kila maongezi kwenye spika kubwa, angalia hapo kwanza. Huenda mtu aliweka Speaker.

Lakini kuna wakati sauti huhamia spika kubwa na blututhi imezimwa kabisa. Hapo mara nyingi ni shavu lako. Karibu na spika ya juu kuna kihisio kinachotambua uso umekaribia, kikazima skrini ili ngozi isibonyeze vitufe. Protekta iliyokifunika au uchafu huweza kukivuruga, na pengine skrini ikabaki inawaka, shavu likagusa kitufe cha spika. Piga simu, kisha funika sehemu hiyo ya juu kwa kiganja. Skrini isipozimika, bandua protekta, futa kioo, ujaribu tena.