Hasi Tisini Barazani, Hasi Mia Chumbani

Kwenye simu nyingi za Android, ukifungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utaona nguvu ya mtandao kwa tarakimu. Yangu nikiwa barazani inasoma −90 dBm. Nikiingia chumbani inashuka hadi −100 dBm. Kumi tu, utasema. Kumbe ukuta umekula sehemu tisa kati ya kumi za nguvu iliyofika mlangoni.

Desibeli husema nguvu hii ni mara ngapi ya ile, na siri yake ni kuhesabu sifuri. Mara 10 ina sifuri moja, ni desibeli 10. Mara 100 ni 20, mara 1,000 ni 30. Hiyo ndiyo logi, ikazidishwa kwa kumi. Mara 2 haina sifuri, lakini logi yake ni kama 0.3, kwa hiyo ni desibeli 3. Nguvu ikipungua, weka alama ya kutoa.

Faida yake utaiona kwenye kituo kidogo cha redio ya FM chenye mtambo wa wati 500. Kebo inayopanda mnarani inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu, na antena inaielekeza iliyobaki upande wa wasikilizaji kwa mara 2.5. Kwa wati, ni kuzidisha kila hatua: 500 × 0.8 × 2.5, jibu 1,000. Kwa desibeli, wati 500 ni nusu ya 1,000, yaani 30 − 3 = 27 dBW. Kebo inatoa 1, antena inaongeza 4: jibu 30 dBW, wati 1,000 zilezile. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na fundi aliye juu ya mnara anaweza kujumlisha kichwani.

Herufi ya mwisho hutaja mahali pa kuanzia kupima: W ni wati 1, m ni miliwati 1. Wati ina miliwati 1,000, sifuri tatu, basi dBW kwenda dBm unaongeza 30, na kurudi unatoa 30. Mtambo wetu wa 27 dBW ni 57 dBm.

Wanaoanza huteleza wanapojumlisha dBm na dBm. Mitambo miwili ya wati 100, kila mmoja 50 dBm, ikiunganishwa haitoi 100 dBm. Hizo zingekuwa megawati 10, kuliko uwezo wa mitambo ya umeme ya bwawa la Nyumba ya Mungu! Rudi kwenye wati kwanza: 100 na 100 ni 200, mara mbili ya 100, kwa hiyo 53 dBm. Kutoa dBm kwenye dBm, hata hivyo, ni halali, na m hujifuta: barazani −90, chumbani −100, ukuta umekula dB 10.